Kusoma si Deni, Prezida

Na Mpita Njia

Nilikuwa nimeapa kupumzika na habari za Prezida wa mutualite yetu. Baada ya ile hadithi ya mbuzi aliyeandikishwa kama mwanachama, na ile ya koti la sufi analolivaa hata jua likiwaka Bunia nzima, nilidhani wasomaji mmetosheka naye. Yeye hajatosheka na sisi.

Jumatatu usiku aliweka ujumbe kwenye grupu la WhatsApp la watu wa Gety. Nusu yetu tuko hapa Bunia, nusu wako nyumbani kule Walendu Bindi, na wachache wako Kampala, hao ndio hujibu kwa kidole gumba tu. Ujumbe ulikuwa wa matanga: mwenzetu kafiwa na mama yake, kila mtu atoe franka 10,000. Hapo sina neno. Matanga ni matanga.

Jumanne asubuhi, chai haijachemka, simu ikaanza kutetemeka mezani. Prezida alikuwa amebonyeza ule ujumbe wake, akafungua sehemu ya habari za ujumbe, akapiga kapcha ya orodha yote iliyoandikwa «Lu par», majina na saa zake, kisha akaturushia hadharani. Majina ya waliosoma bila kujibu aliyazungushia duara jekundu. Chini akaandika kwa herufi kubwa: HAWA WAMESOMA. WANASUBIRI NINI?

Duara jekundu! Mwalimu wangu wa darasa la tatu ndiye mtu wa mwisho kunizungushia kitu kwa wino mwekundu, na kwake angalau nilikuwa nimekosea kugawanya.

Nilimpigia. Akaniambia kwa sauti ya mtu aliyevumbua moto: «Ndugu, mashine haidanganyi.» Mashine haidanganyi kweli, Papa. Tatizo ni kwamba hujui inachosema.

Ile orodha inasema jambo moja tu: kwamba katika simu yenye namba fulani, dirisha la grupu lilifunguliwa saa fulani. Haisemi kidole kilichofungua kilikuwa cha nani. Haisemi kwamba macho yaliufikia ujumbe wako, maana mtu akifungua grupu lililolala na meseji themanini, zote huhesabiwa zimesomwa kwa mpigo mmoja, za matanga, za kuuza pikipiki na zile picha zako za maua zenye «siku njema». Na saa iliyoandikwa pale si saa ya dhamira ya mtu. Kule ambako mtandao huja na kuondoka, mtu anaweza kutazama simu ikiwa imekatika, na habari ya kwamba ametazama ikakufikia baadaye, mtandao ukirudi.

Sasa tuchukue hao wa duara jekundu mmoja mmoja, kwa sababu niliwatafuta. Nilikuwa nimekasirika, na mtu mwenye hasira hupata nguvu ya kupiga simu nyingi.

Wa kwanza ni mama mmoja aliyeko Gety yenyewe. Simu yake haikai nyumbani mchana. Anaipeleka kwa kijana mwenye pano za jua, anaiacha kwenye ile meza iliyojaa nyaya, anaenda shamba, anarudi kuichukua jioni. Usiku ule simu ilikuwa na mjukuu wake, ambaye alifungua grupu kutafuta video. Asubuhi simu ikarudi mezani kwa kijana wa sharji. Kwa hiyo wakati Prezida anamwandika kwa wino mwekundu mbele ya ukoo mzima, yule mama alikuwa hajui hata kwamba kuna msiba. Habari ya msiba aliipata mdomoni mwangu. Habari ya duara aliipata kwa jirani, na hiyo ndiyo iliyomliza.

Wa pili ni muuguzi aliyekuwa zamu ya usiku. Alitazama mara moja, saa tisa za usiku, kuona kama kuna neno kuhusu barabara, kwa sababu ndugu yake alikuwa asafiri asubuhi. Hakuona neno la barabara, akaifunga simu, akarudi kwa mgonjwa.

Wa tatu sitamweleza sana. Hana hiyo elfu kumi. Alikuwa anajiuliza amwombe nani amkopeshe, na kwa mtu wa heshima jambo hilo huchukua zaidi ya usiku mmoja. Saa nne asubuhi grupu likatuarifu kwa maandishi madogo ya kijivu kwamba ametoka. Prezida akaandika: «Mnaona?»

Tunaona nini, Papa? Tunaona mtu ambaye angelipa Ijumaa na sasa hatalipa kabisa, na ambaye msiba ukimfika yeye atauficha.

Na yule ambaye hakuwa kwenye orodha hata kidogo? Trezoria wetu! Jina lake lilikaa kule chini kwa wale waliofikiwa tu, safi kama malaika, na Prezida hakumgusa. Mimi namfahamu. Yeye husoma kila kitu juu ya skrini, pale ujumbe unapochungulia kabla hujafungua grupu, kisha anaufuta kwa kidole. Kwa njia hiyo habari yote anaipata na bluu haimpati. Tangu Novemba 2014, tiki za bluu zilipoingia WhatsApp, wajanja wameshajifunza. Orodha inawanasa wanyofu, wenye watoto watundu na wenye kazi za usiku.

Kuna atakayeniambia: basi mtu azime ile alama kwenye simu yake. Nenda kwenye mipangilio, ingia «Confidentialité», zima «Confirmations de lecture». Nimezima, asante. Inafanya kazi mkizungumza wawili. Kwenye grupu haifanyi kazi hata kidogo. Ukifungua, jina lako linapanda kwenye orodha ya aliyeandika, utake usitake. Waliotengeneza kitu hicho hawakutuachia mlango. Wale wa Telegram angalau walijiwekea mpaka: wanaonyesha waliosoma katika grupu zisizozidi watu 100, na baada ya siku 7 habari hiyo inafutika. Kwetu sisi Prezida anaweza kukufufulia saa yako ya mwezi uliopita.

Lakini nisingeandika safu nzima kwa ajili ya franka 10,000. Kilichonitoa usingizi ni Alhamisi.

Alhamisi Prezida, akiwa ameonja utamu wa duara, aliuliza swali jingine. Barabara ya Bogoro ikoje leo? Nani yuko njiani? Nani ameona nini? Swali la kawaida kwa watu wetu. Kutoka hapa hadi Gety ni kama kilomita 60 na hakuna anayezianza bila kuuliza. Dakika ishirini zikapita, kimya. Ikaja kapcha. «Mlioko Kagaba na Aveba nawaona mmesoma. Jibuni!»

Hapo nilisimama kitini.

Papa, wewe umekaa Bunia na koti lako. Ituri iko chini ya hali ya dharura ya kijeshi tangu tarehe 6 Mei 2021. Mkataba wa amani kati ya serikali na FRPI ulitiwa saini palepale Gety tarehe 28 Februari 2020, na watu wa pale wanaujua mkataba huo kuliko wewe: wanajua ni nani aliweka silaha chini, nani hakuweka, na nani ni mtoto wa nani. Mtu wa kule akikaa kimya kuhusu aliyepita barabarani, hajakudharau. Anahesabu. Anajua kwamba akiandika «nimeona watu sita wenye silaha karibu na kisima», ameweka jina lake, namba yake na saa yake chini ya ushahidi, mbele ya watu wengi ambao wengine hajui hata sura zao. Kuna namba kwenye grupu letu zisizo na jina. Nani aliziingiza? Prezida mwenyewe, kwa haraka, siku ya uchaguzi wake.

Neno lililoandikwa kwenye grupu linasafirishwa kwa kubonyeza mara mbili. Simu inaweza kuanguka mikononi mwa mtu yeyote. Ndiyo maana kule nyumbani habari kama hizo zinasemwa kwa sauti ya chini, kwa mtu mmoja unayemjua, au motari anazibeba kichwani na kuzitoa akifika. Huo si ushamba. Wamejifunza hivyo kwa gharama ambayo hakuna mutualite iliyoweza kuichangia.

Na ile kapcha yenyewe, je? Umewatangazia watu wote, wakiwemo wale wa namba zisizo na jina, ni nani yuko Kagaba asubuhi hii, simu yake ina mtandao, na aliifungua saa ngapi. Ulikuwa unatafuta usalama wa wasafiri ukawaanika waliobaki.

Kumdai mtu jibu kwa sababu umemwona amesoma ni sawa na mwenye duka kumkimbilia mpita njia hadi kona akimtaka alipe sukari aliyoitazama. Kutazama ni bure. Kusoma ujumbe wa grupu hakuna mkataba ndani yake. Jibu linatolewa na mtu akiwa tayari, akiwa na fedha, akiwa na hakika, au akiwa mahali ambapo anaweza kusema.

Najua Prezida atajibu kwamba bila kusukumwa watu hawatoi. Si kweli. Mwaka hadi mwaka matanga yetu yamechangiwa, na kabla ya bluu yalichangiwa kwa mtu kutumwa mlangoni, akaketi, akapewa maji, akasema shida. Aliyeshindwa alisema ameshindwa kwa mtu mmoja, siyo kwa watu wa Bunia, Gety na Kampala kwa pamoja.

Na kwa kuwa tunapenda orodha sana wiki hii: mwezi wa nne niliuliza kwenye grupu hilohilo fedha za mabati ya mjane mmoja wetu zilifikia ngapi na zimewekwa wapi. Nilibonyeza ujumbe wangu juzi, kwa udadisi tu. Jina la Prezida lipo, na saa ipo. Sitaitaja, na duara sitachora.

Namba yangu unayo, Papa. Ukiwa na haja ya jibu langu, au la yule mama wa Gety, piga simu, uliza taratibu, na asiyetaka kusema mwache. Kapcha zako zifute leo, ukianza na ile ya Alhamisi. Na siku utakayonipigia, uwe na daftari la mabati mkononi.