Saa Kumi na Mbili za Zege: Hatari ya Tafsiri Iliyo Sahihi

Karatasi ya maagizo ya zege ni matini fupi mno. Aghalabu haizidi kurasa mbili, haina mhusika wala ploti, na anayeisoma huisoma akiwa amesimama juani, mikono imejaa vumbi la simiti. Huyo ni foromani, yaani msimamizi wa mafundi na vibarua, ambaye ndiye huamua kama maji yaongezwe, fomu zifunguliwe lini, na nani atamwagilia slabu Jumapili watu wakiwa wameenda kusali. Mhandisi huandika kwa Kiingereza. Foromani huamrisha kwa Kiswahili. Katikati yao yupo mfasiri, na mara nyingi mfasiri huyo ni mwanafunzi wa Kiswahili aliyepewa kazi hiyo kwa sababu tu anajua lugha.

Wanaofundisha tafsiri vyuoni hupenda kumrejelea Nida, aliyesisitiza mwaka 1964 kwamba matini lengwa yamwathiri msomaji wake kwa namna inayokaribiana na ile ya matini chanzi. Katika ushairi, madai hayo hujadiliwa bila kufikia mwisho. Katika zege yanapimika. Maagizo yakieleweka vibaya leo, nguzo yenyewe itasema kesho asubuhi.

Chukulia kwanza jaribio ambalo mafundi wa Nairobi huliita slampu. Hutumiwa koni ya chuma iliyo wazi juu na chini, yenye urefu wa milimita 300. Zege bichi hutiwa ndani kwa tabaka tatu, na kila tabaka hushindiliwa mara 25 kwa ufito wa chuma. Kisha koni huinuliwa wima, taratibu, na zege lililoachwa bila ukuta wa kuliegemea hushuka kwa uzito wake lenyewe. Koni tupu husimamishwa kando, ufito hulazwa juu yake, na rula hupima pengo lililopo kati ya ufito na kilele cha zege. Pengo hilo ndilo slampu. Zege la kimo cha milimita 225 baada ya kushuka, basi, lina slampu ya milimita 75.

Mfasiri asiyewahi kuiona koni hiyo huweza kuandika, kwa nia njema kabisa, kwamba "kimo cha zege katika jaribio kiwe milimita 75." Sentensi haina kosa la sarufi. Upatanisho wa ngeli umezingatiwa na msamiati ni sanifu. Lakini foromani akiifuata atapima kilichosimama badala ya kilichoshuka. Ataona zege lake zuri limesimama milimita 225, aseme ni gumu kupita kiasi, aagize ndoo ya maji, apime tena, aagize ndoo nyingine, mpaka lundo libaki na kimo cha milimita 75. Hapo slampu imefika 225, na kilichomo kwenye karai ni uji. Maji yaliyozidi hayapotei bure: yanapokauka huacha vitundu, na zege lenye vitundu halifikii nguvu iliyokusudiwa hata likitunzwa vipi.

Kosa la pili kuhusu jaribio hilo ni la istilahi. Wapo waliopendekeza slampu iitwe "mporomoko." Neno hili lina mvuto kwa kuwa ni la Kibantu na lina picha. Picha yenyewe ndiyo tatizo. Koni inapoinuliwa, zege huweza kufanya mojawapo ya mambo matatu. Huweza kushuka sawasawa huku likihifadhi umbo lake kwa kiasi. Hilo ndilo jibu linalokubalika. Huweza kukatika upande mmoja na kuteleza, jambo linaloashiria mchanganyiko usioshikamana, na hapo jaribio hurudiwa. Huweza pia kutawanyika chini kama ugali ulioshindwa kushika. Hali hii ya tatu ndiyo mporomoko hasa, kama Waswahili wanavyosema maporomoko ya ardhi. Ukishalitoa neno hilo kwa jaribio zima, hali ya tatu hubaki bila jina, na foromani akiambiwa "mporomoko wa milimita 75 unakubalika" ana haki ya kushangaa. Neno "mshuko" ni dhaifu kidogo kwa sikio, lakini linasema kile ambacho rula inapima, na linaacha nafasi ya kutofautisha mshuko wa sawasawa, mshuko wa kukatika na mshuko wa kuporomoka. Hata "slampu" lenyewe, likiandikwa hivyo hivyo, ni bora kuliko mporomoko, kwa sababu fundi tayari analijua na halimdanganyi.

Kuhusu umwagaji hakuna haja ya kurefusha maneno. Wasahihishaji wengine hulikataa "kumwaga" kwa madai kwamba linadokeza uzembe, wakapendekeza "kulaza" au "kuweka." Mafundi humwaga slabu, na wataendelea kuimwaga. La msingi ni kuongeza sentensi inayosema kwamba zege limwagwe karibu na mahali litakapokaa, kwani likisukumwa mbali kwa vibreta, kokoto hubaki nyuma na maji ya simiti hutangulia.

Mahali ambapo tafsiri imefanya madhara zaidi ni katika hatua inayofuata. Neno la Kiingereza linalotajwa kwa utunzaji wa zege ndilo hilo hilo linalotumika kwa kumponya mgonjwa na kwa kuhifadhi samaki kwa chumvi na moshi. Mfasiri akikimbilia kamusi atakutana na kuponya, kutibu na kukausha. Mbili za kwanza humchekesha foromani, na kicheko hakivunji jengo. Ya tatu haichekeshi. "Zege likaushwe kwa siku 7" ni agizo ambalo foromani atalitii kwa furaha, maana halimgharimu chochote: jua litafanya kazi hiyo na pesa za maji zitabaki mfukoni.

Ukweli ni kinyume kabisa. Zege haligeuki gumu kwa kukauka kama tope la ukuta. Simiti hushikana na maji na kuunda kitu kipya, na muungano huo huendelea kwa siku nyingi mradi unyevu upo. Ndiyo maana zege huweza kugeuka jiwe likiwa limezama majini. Likikauka mapema, muungano husimama. Uso hufanya nyufa nyembamba, na ukiusugua kwa kiganja hutoa unga mweupe. Kwa hiyo agizo la kukausha ni agizo la kuiua kazi ile ile iliyotakiwa kulindwa.

Lipo pendekezo la kuvutia zaidi: kuvumbika. Anayevumbika ndizi huzifunika na kuzisubiri ziive, na magunia yaliyoloweshwa juu ya slabu yanafanana na tendo hilo. Methali ya mvumbika changa kula mbovu ingemfaa kila mwenye haraka ya kufungua fomu. Hata hivyo, ndizi huvumbikwa pakavu na penye joto, na foromani mwenye kumbukumbu ya shimo la nyanya yake hatafikiria maji hata kidogo. Uzuri wa neno usitumiwe kununua nyufa. Afadhali "kukomaza," kwa sababu mafundi hutofautisha tayari zege lililoshika, ambalo ukilikanyaga halibonyei, na zege lililokomaa, ambalo linaweza kubeba. Fauka ya hayo, istilahi pekee haitoshi. Agizo liseme tendo: "Komaza slabu kwa maji. Ifunike kwa magunia mara tu isipobonyea. Magunia yawe majimaji mchana na usiku kwa siku 7 kamili. Slabu iliyomwagwa Jumatatu iendelee kuloweshwa hadi Jumatatu inayofuata." Siku ya juma ikitajwa, hakuna atakayebishana kama siku ya kumwaga nayo huhesabiwa.

Limebaki suala la saa, na hapa Kiswahili chenyewe ndicho kilichotega mtego. Wahandisi wengi nchini walifunzwa kwa kanuni za Uingereza za BS 8110, ambazo huko zenyewe ziliondolewa mwaka 2010 lakini muda wake ungali vinywani mwao. Kwa zege la simiti ya kawaida ya Potlandi, uso wake ukiwa na wastani wa joto la nyuzi 16 au zaidi, kanuni hizo ziliruhusu fomu za wima za nguzo na kuta zifunguliwe baada ya muda wa saa 12. Mbao za chini ya slabu baada ya siku 4. Miti inayoishikilia slabu baada ya siku 10. Na miti ya chini ya biimu baada ya siku 14. Mfasiri huandika: "Fomu za nguzo zifunguliwe baada ya saa 12."

Nguzo imemwagwa saa nane mchana. Foromani anasoma agizo na kutazama saa yake. Kwa Mswahili yeyote, baada ya saa kumi na mbili ni jua likishatua. Jioni hiyo, zege likiwa na umri wa saa nne na ushei, mbao zinabanduliwa. Pembe za nguzo zinatoka na mbao, na ubavu unatumbuka mahali ambapo ndiyo kwanza unaanza kushika. Muda uliokusudiwa ungetimia saa nane usiku. Hakuna aliyekosea sarufi, na foromani hakuwa mvivu, alitii.

Walimu hulikosoa "masaa" kila linapoandikwa, kwa hoja kwamba saa iko katika ngeli isiyobadilika umbo katika wingi. Hoja ina nguvu zake. Lakini mazungumzo ya mitaani yamelipa umbo hilo kazi ambayo umbo sanifu halifanyi peke yake: masaa kumi na mawili ni muda, saa kumi na mbili ni wakati. Anayelifuta "masaa" kwenye karatasi ya foromani bila kuweka "muda wa" mbele ya saa ameondoa kosa la ngeli na kuleta kosa la nguzo. Suluhisho lililo salama kuliko yote halihitaji tarakimu: "Fomu ya nguzo ilale usiku mzima, ifunguliwe kesho yake asubuhi." Iliyomwagwa saa nane mchana ikafunguliwa saa mbili asubuhi imekaa muda wa saa 18, na mhandisi hatalalamika.

Sharti la joto na la aina ya simiti nalo lisiachwe nje kwa kisingizio cha ufupi. Mwezi wa Julai, usiku wa Nairobi hushuka chini ya nyuzi 16. Isitoshe, mifuko mingi inayouzwa madukani ni ya simiti iliyochanganywa na pozolana, ambayo hupata nguvu polepole kuliko ile iliyokusudiwa na kanuni hizo. Mfasiri hana mamlaka ya kuongeza siku kwa makisio. Anachoweza kufanya ni kurudi kwa mhandisi kabla ya kuandika na kumuuliza: ni simiti ya mfuko upi, na miti hii ya chini ya biimu itolewe Alhamisi ipi?