Pensheni yangu inakatwa kotekote

Mhariri,

Jana nilitoka ofisi ya kodi saa tisa alasiri, miguu imevimba na bahasha yangu chini ya kwapa, nikiwa nimeambiwa na kijana wa rika la mjukuu wangu: "Mama, ya Kanada ni ya Kanada, ya hapa ni ya hapa." Basi naandika kabla hasira haijapoa.

Nilifanya kazi kiwandani Kanada miaka kumi na tisa. Julai 2022 nikarudi Moshi, na mfuko wa kiwanda unanitumia pensheni ya dola 1,000 za kule kila mwezi. Tuseme ni shilingi 1,800,000. Kabla haijaondoka inakatwa kodi ya zuio asilimia 25, yaani shilingi 450,000. Ikifika hapa, kwa kuwa sheria yetu humtoza mkaazi kwa mapato yake ya popote duniani, nimeletewa madai ya shilingi 368,000 kwa mwezi juu ya ile ile 1,800,000, kana kwamba Kanada hawakugusa kitu. Jumla ni 818,000. Na mimi ndiye niliyekwenda kuyatangaza mapato hayo mwenyewe, kwa miguu yangu. Anayeficha analala usingizi.

Mkataba wa kuepuka kutozwa kodi mara mbili kati ya Tanzania na Kanada ulitiwa saini 1995. Nimeusoma kwa miwani ya kuazima. Kwa pensheni ya kila mwezi ya namna yangu, Kanada hairuhusiwi kuzidisha asilimia 15. (Anayechukua mkupuo asitegemee kiwango hicho.) Na kodi iliyolipwa kule kihalali hutolewa kwenye kodi ya hapa. Kwa hiyo Kanada wangechukua 270,000, hapa ningemalizia 98,000, na jumla ingekuwa 368,000 ile ile. Mkataba haunisamehi kodi, unazuia nisilipe mara mbili. Mimi sikuomba zaidi.

Kinachowachanganya wengi, na kilinichanganya hata mimi, ni ile 180,000 ya ziada waliyokata Kanada. Hiyo si mzigo wa ofisi yetu, kwa kuwa Kanada waliikata nje ya mkataba. Inadaiwa kwao, kwa fomu iitwayo NR7-R, ndani ya miaka miwili tangu mwisho wa mwaka iliyokatwa. Mimi nilijua mwaka 2025. Miezi sita ya 2022 imekwisha kwenda na maji. Na mfuko ulikata 25 kwa sababu hakuna aliyeniambia niwapelekee tamko la NR301, kwamba ni mkaazi wa nchi yenye mkataba.

Nikawapelekea. Wakajibu wanataka na cheti cha ukaazi wa kikodi kutoka hapa. Nikaenda kuomba cheti. Nikaambiwa sipati hadi nimalize deni. Deni lenyewe ndilo lile la kutopunguziwa kodi ya Kanada! Nikasema nitapinga. Nikaonyeshwa kuwa pingamizi linawekwa ndani ya siku 30, na kwanza nilipe theluthi ya madai au sehemu nisiyoipinga, ile iliyo kubwa. Kwa mwaka madai ni 4,416,000, theluthi yake ni 1,472,000. Nilipe hiyo ili nisikilizwe kwamba sidaiwi hiyo. Unaweza kuomba usamehewe amana hiyo, lakini dirishani hakuna aliyenitajia. Nimeambiwa na mwanasheria niliyekutana naye kwenye daladala.

Nilimwonyesha kijana risiti ya NR4 inayoonyesha kilichokatwa mwaka mzima. Akaigeuza, akatafuta muhuri wa bluu. Mwanangu, Kanada hawagongi muhuri.

Na heri mimi. Jirani yangu aliyefanya kazi Uingereza hana hata mkataba wa kuushika. Tanzania ina mikataba tisa tu ya namna hii inayotumika: Kanada, Denmark, Finland, Norwei, Uswidi, Italia, India, Afrika Kusini na Zambia. Uingereza, waliokuwa hapa miaka yote ile, haimo. Yeye amebaki na nafuu ya sheria yetu ya 2004, ambayo inampunguzia kodi ya nje bila kuzidi kodi ambayo mapato hayo yangetozwa hapa. Na pensheni yake ya serikali ya kule haipandishwi akiishi hapa, imeganda pale pale ilipoanzia alipohamia, wakati bei ya mafuta ya kupikia haijaganda.

Nao wanasiasa wetu hupanda ndege kwenda kuwaambia ndugu zetu walioko nje: rudini nyumbani, leteni dola. Wakishashiba kwenye mikutano hiyo, mmoja wao apite dirisha namba nne kesho saa mbili asubuhi. Nitakuwa pale, nina bahasha ya kaki na nimebeba maandazi.

Mstaafu, Moshi