Yai Halivunjwi Ukingoni mwa Bakuli

Naanza kwa kukiri kosa. Miaka kadhaa iliyopita, nilipokuwa nikifundisha somo la Sayansi Kimu, nilimkata msichana mmoja wa kidato cha tatu alama nne katika zoezi la upishi. Keki aliyoipika ilikuwa na kibanzi cha ganda la yai. Nilikiuma mimi mwenyewe mbele ya darasa zima, kikalia menoni kama changarawe, na wenzake wakaangua kicheko. Msichana yule hakujitetea. Lau angejitetea, angeniambia jambo ambalo lilinichukua muda mrefu kuling'amua, yaani kwamba alilivunja yai lile hasa kwa namna niliyomfundisha.

Nami nilimfundisha nilivyofundishwa: mwanafunzi ashike yai, aligonge kwenye mdomo wa bakuli, kisha alipasue kwa vidole. Siku hiyo kila mwanafunzi alipewa mayai manne. Yai lake la kwanza lilifunguka vyema. La pili aliligonga kwa hofu, halikupasuka; akaligonga tena mahali palepale kwa nguvu zaidi, mdomo wa bakuli ukazama ndani ya yai, na vibanzi vitatu vikateleza katika ute. Akatumbukiza kidole. Kibanzi kikakimbia. Akakifukuza hadi upande wa pili wa bakuli, kiini kikapasuka, na katika ile rangi ya manjano kibanzi kimoja kikapotea machoni pake. Muda wa zoezi ulikuwa unakwisha, akachanganya vyote pamoja. Hayo mengine msomaji anayajua.

Ili kuelewa kilichotokea, ni sharti tulitazame ganda lenyewe. Ganda la yai la kuku lina unene wa takriban theluthi moja ya milimita. Karibu lote ni kalisi kaboneti, maada ileile inayofanya mawe ya chokaa na matumbawe ya pwani yetu. Ni gumu, lakini halipindiki, likizidiwa hukatika. Chini yake kuna tando mbili nyembamba zilizogandamana, ambazo huachana tu kwenye upande butu wa yai na kuacha kijichumba cha hewa. Aliyewahi kumenya yai la kuchemsha amekutana nazo: ni ile ngozi nyeupe ambayo wakati mwingine hutoka na ganda na wakati mwingine hukatalia kwenye yai. Utando huo, tofauti na ganda, hunyumbuka na ni mgumu kuraruka. Ndio unaoshikilia vipande vya ganda visitawanyike, mfano wa vigae vilivyobandikwa juu ya kitambaa. Madhali kitambaa ni kizima, kigae kilichovunjika hakiendi popote.

Sasa fikiria mdomo wa bakuli. Ni mwembamba, na nguvu yote ya mkono hukusanyika katika mstari huo mmoja. Ganda likishakatika, hakuna kinachouzuia mstari huo kuendelea kuingia ndani. Huurarua utando, huvisukuma vibanzi hadi kwenye ute, na pengine hukitoboa kiini. Mgongo wa kisu hufanya vivyo hivyo, na vibaya zaidi ukiwa mikononi mwa mtu mwenye pupa.

Juu ya meza bapa mambo ni tofauti. Yai huigusa meza kwa nukta ndogo tu, ganda hubonyea, na kadiri linavyobonyea ndivyo sehemu inayogusana na meza inavyopanuka. Meza haiwezi kuingia ndani ya yai. Matokeo yake ni kibonyeo kipana kama ukucha wa kidole gumba, kilichojaa nyufa ndogondogo, na vipande vyote vingali vimeng'ang'ania utando ambao haujararuka, au umeraruka kidogo mno. Kazi ya kuurarua huachiwa vidole, navyo huona vinachofanya.

Yai ligongwe kiunoni, katikati ya ncha zake mbili, wala si nchani. Hapa walimu wenzangu wa sayansi wataniruhusu nichomeke jambo. Tumezoea kuwaambia watoto kwamba yai lina nguvu zaidi likisimama wima. Mwaka 2025 watafiti wa chuo cha MIT nchini Marekani walichapisha matokeo ya kuangusha mayai mengi kutoka vimo vifupi, na yale yaliyoangushwa kwa ubavu yalistahimili vyema kuliko yaliyoangushwa wima. Sababu ni kwamba ubavu hubonyea zaidi kabla haujapasuka, hivyo humeza kishindo kingi zaidi. Kwa mpishi, kubonyea huko ndiko kunakotakiwa, kwa kuwa ndiko kunakotoa kibonyeo kipana badala ya tundu. Isitoshe, ufa ulioanzia kiunoni huelekea kulizunguka yai na kuligawa nusu mbili, ilhali ukianzia nchani huacha kaka lenye shingo nyembamba ambalo halitoi kiini bila kukikwaruza.

Pigo liwe moja. Mkono ushuke kutoka kimo cha kama vidole vinne, yai likilala ubavu, na usimame palepale linapogusa meza. Sikio litakuarifu. Yai zima hutoa mlio mkavu, ko!; lililopasuka sawasawa hutoa mlio uliofifia, kama wa kitu kilicholoa. Ukisikia ule mkavu, usiligonge tena mahali pale, kwa maana mapigo mengi mahali pamoja husaga ganda likawa chenga, na chenga hizo ndizo zinazodondoka. Ligeuze kidogo upige upya kwa uthabiti. Ukiona ute unachuruzika mezani, ulipiga mno, utando umekatika. Basi ligeuze yai upesi kibonyeo kielekee juu, kisha ulipeleke kwenye bakuli.

Likiwa juu ya bakuli, weka ncha za vidole gumba viwili kwenye kibonyeo, zisizame, na uvute nje kana kwamba unafungua kitabu. Wanafunzi wengi husukuma vidole ndani, kisha hushangaa kwa nini vibanzi vimeingia. Neno ni kuvuta, si kusukuma.

Hata hivyo, sitadai kwamba meza hulimaliza tatizo. Kuna maganda dhaifu. Kuku aliyetaga kwa muda mrefu hutoa mayai makubwa yenye ganda jembamba, na wakati wa joto kali kuku anayehema sana huwa hatengenezi ganda la kutosha. Kibanzi kitaingia siku moja, seuze kwa mwanafunzi anayejifunza.

Kikiingia, kwanza usikikimbize. Ute wa yai bichi, hasa yai lililotagwa karibuni, ni mzito na umeshikamana. Kidole ni butu. Kinapoelekea kwenye kibanzi husukuma ute mbele yake, na ute hubeba kibanzi. Kwa hiyo kadiri unavyoharakisha ndivyo kinavyokimbia. Chukua nusu ya kaka ulilolivunja sasa hivi. Ukingo wake ni mkali, nao huukata ute badala ya kuusukuma. Inamisha bakuli kidogo ili kibanzi kibaki mahali ambapo ute ni mwembamba, mbali na kiini. Zamisha ukingo wa kaka nyuma ya kibanzi hadi uguse bakuli, kisha ukikokote taratibu kupanda ubavu wa bakuli mpaka kitoke kwenye ute. Usijaribu kukibana kwa vidole viwili. Kitateleza kama mbegu ya pasheni. Wapo wanaolowesha kidole kwa maji kabla ya kuopoa. Nimejaribu, na kwa kibanzi kilicho juu juu husaidia, lakini kwa kilichozama sijapata kuona kitu kinachoshinda kaka.

Tahadhari moja ni ya lazima. Nje ya ganda yaweza kuwa na kinyesi cha kuku, na katika kinyesi hicho vimelea vya salmonela. Ikiwa yai litapikwa hadi kiini na ute vigande, kaka hilo halina neno. Lakini ikiwa unatengeneza kitu ambacho yai halitaiva, kama vile mayonezi ya nyumbani, tumia ncha ya kijiko safi, hata kama utatumia dakika mbili zaidi. Meza nayo ipanguswe kabla na baada ya kazi, na mikono ioshwe kwa sabuni.

Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniuliza kama kibanzi hakiwezi kuyeyushwa kwa siki au ndimu. Swali zuri. Asidi huishambulia kalisi kaboneti na kutoa mapovu ya kaboni dayoksaidi, na yai zima likilala ndani ya siki kwa siku moja au mbili hubakia na utando tu. Lakini huo ni muda wa maabara, si wa keki. Moto wa jiko nao haukilainishi kibanzi hata kidogo. Kama mayai yamekwisha kupigwa na unashuku kuna kibanzi, kumbuka kwamba ganda ni zito kuliko ute. Yaache yatulie kidogo, kisha uyamimine polepole kupitia kichujio cha chai, na uyachunguze yale ya mwisho chini ya bakuli.

Afadhali lakini tusifike huko. Kila yai livunjwe katika kibakuli chake, likaguliwe, ndipo limiminwe kwa wenzake. Shule nyingi hununua mayai kwa trei ya thelathini, na katika trei hiyo hakosekani mmoja wa kuwaharibia wengine, awe ameoza au amepasuka kitambo. Kibakuli cha rangi nzito hufichua ganda jeupe, na cheupe hufichua la kahawia.

Najua watakaonijibu kwamba mpishi wa hoteli huvunja mayai ukingoni kwa mkono mmoja, tena upesi, bila kibanzi hata kimoja. Ni kweli, nami nimewaona. Mkono wake umevunja maelfu ya mayai na unajua kusimama kabla ukingo haujazama. Mtoto wa kidato cha tatu amevunja mayai mangapi? Aghalabu shuleni anapewa manne kwa muhula, na kwao huenda mayai huuzwa badala ya kuliwa. Kumfundisha njia inayodai mazoea asiyokuwa nayo, kisha kumkata alama kwa kukosa mazoea hayo, si haki.

Kwa hiyo napendekeza kwa wenzangu wanaosahihisha mazoezi ya upishi kwamba alama za yai zitolewe kwenye kibakuli, kabla halijachanganywa, wala si kwenye keki. Hapo mwalimu ataona kama pigo lilikuwa moja, kama kiini ni kizima, na kama kilichoingia kiliopolewa. Mwanafunzi aliyekitoa kibanzi vizuri apewe alama zake zote. Yule wangu nilimpa kumi na sita kati ya ishirini.