Arifa Zingoje Saa Zake

Ndugu wenye simu za iPhone, tangu lilipotoka toleo la iOS 15 mwaka 2021, simu zenu zina uwezo ambao wengi hamjaugusa: kuzizuia arifa zisizo na haraka, kisha kuwaletea zote kwa pamoja katika saa mlizochagua wenyewe. Nawasihi muutumie, tena kwa makini, maana ukipangwa ovyo hausaidii kitu.

Fungueni Settings, mwende Notifications, kisha Scheduled Summary, muiwashe. Mtakuta simu imekwisha pendekeza nyakati mbili: saa 2 asubuhi na saa 12 jioni. Wengi huzipokea hivyohivyo, nami nasema ni kosa. Hebu tumtazame mwalimu wa sekondari anayeingia darasani saa 2 kamili. Mzigo wote wa arifa utamfikia pale pale anaposhika chaki! Na azibadilishe zote mbili, aweke saa 7:30 mchana, akiwa amekwisha kula, na saa 1:30 usiku baada ya kusahihisha madaftari. Kwenye kioo ataandika 1:30 PM na 7:30 PM. Simu inaruhusu hadi nyakati 12 kwa siku, lakini mwenye kuzijaza zote amejirudisha kule kule alikotoka.

Jambo la pili ni kuchagua programu, na hapa msiharakishe. Orodha huonyesha kila programu hukuletea wastani wa arifa ngapi kwa siku. Isomeni kwa utulivu, maana hapo mtamjua msumbufu ni nani. Mwalimu wetu atatia humo gazeti, duka la mtandaoni, michezo na mtandao wa picha. Asitie programu ya benki. Asitie Messages pia, kwa kuwa ndimo zinamoingia taarifa za M-Pesa na namba za uthibitisho ambazo muda wake huisha upesi. Ni kweli kwamba simu zinazopigwa na ujumbe wa mtu kwa mtu hufika mara moja hata kama programu imo kwenye muhtasari. Lakini taarifa ya M-Pesa hutumwa na mtambo, na katika mambo ya fedha mimi sishauri kubahatisha.

Upo mwanya mmoja. Arifa iliyotiwa alama ya Time Sensitive hupita bila kungoja muhtasari. Alama hiyo ni ya mambo kama dereva aliyekwisha fika mlangoni, na Apple imewaagiza watengenezaji wa programu wasiitumie kwa matangazo ya biashara. Basi mkiona tangazo la viatu limeingia katikati ya kazi, likiwa na maneno hayo juu yake, rudini Notifications, mguse jina la programu ile, na mzime Time Sensitive Notifications. Programu itabaki, arifa zake zitabaki, ila nazo zitangoja saa 7:30 pamoja na nyingine.