Nyumba Si Sambamba Tupu

Mwandishi mwenzangu ameandika kwamba maswali ya saketi mchanganyiko yafutwe katika mitihani ya fizikia, kwa sababu nyumbani vifaa vyote vimeungwa sambamba. Nakataa. Amesahau waya unaoleta umeme.

Njoo Paje, kwenye banda la wageni la ufukweni lililo mita 80 hivi kutoka kwenye mita ya umeme. Waya wa shaba wa milimita 1.5 za mraba, kwenda na kurudi, una ukinzani wa karibu omu 2, nao umekaa mfululizo na kila kitu kilichomo bandani. Ndani mna mabirika mawili ya umeme, kila moja omu 42, yameungwa sambamba. Hiyo ni saketi mchanganyiko.

Anza na sambamba: 42 kwa 42 hutoa omu 21. Kisha ongeza waya, jumla ni 23. Volti 230 ukigawa kwa 23, mkondo ni ampea 10, na kila birika linapata 5. Waya umekula volti 20. Mabirika yamebakiwa na 210. Likiwaka birika moja tu, linapata karibu volti 219.5. Ndiyo maana taa ya bandani hufifia la pili linapowashwa.

Mwanafunzi anayejumlisha zote hupata omu 86 na mkondo wa ampea 2.7. Dalili ya kosa iko wazi: ukinzani wa sambamba haupiti ule wa tawi dogo kabisa. Fyuzi atakayoichagua kwa hesabu hiyo itakatika siku ya kwanza.

Maswali haya yabaki.