Mkataba Juu, Swali Chini

Mwezi huu tunajibu swali ambalo vijana wa hapa kambini wametuletea zaidi ya mara moja: tunaikopi hati ndefu na kuipesti kwenye programu ya akili bandia ndani ya simu, tunauliza swali letu, lakini jibu linakuja la juu juu tu. Kosa liko wapi?

Tulikaa na familia moja ya mwambao wa Rumonge. Mzee wao alikimbia mwaka 1972, akaacha shamba la michikichi. Walitaka kujua Mkataba wa Arusha wa tarehe 28 Agosti 2000 unasema nini juu ya shamba kama hilo. Mkataba ule una itifaki tano, na habari za wakimbizi na ardhi ziko katika Itifaki ya Nne, yaani zimefunikwa ndani kabisa.

Kijana wao aliandika swali kwanza, halafu chini yake akapesti mkataba wote. Programu ikamletea muhtasari: amani, demokrasia, wakimbizi kurudi. Shamba la mzee halikutajwa. Hiyo ndiyo dalili. Jibu lisilo na namba ya ibara, ambalo hata mtu asiyeusoma mkataba angeweza kulitoa, lisikuridhishe.

Sasa sababu. Programu hizi zinasoma kutoka juu kwenda chini, na neno la juu haliwezi kuona yaliyo chini yake. Swali likiwa mwishoni, linasomwa wakati hati yote imeshapita, basi linaweza kugeuka nyuma na kuitazama yote. Tena jibu linaanza palepale swali linapoishia. Likiwa juu, kurasa nyingi zinaingia katikati ya swali na jibu. Mwaka 2023 watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Stanford, walionyesha kwamba programu za wakati ule zilishika vizuri yaliyo mwanzo na mwisho, zikapoteza ya katikati. Za leo zimeendelea, lakini udhaifu huo haujaisha wote.

Tukafanya mambo mawili. Kwanza tulipunguza mzigo: tukapesti Itifaki ya Nne peke yake. Pili tukageuza mpangilio, tukaizungushia hati alama ili isichanganyike na maneno yetu:

```
<hati>
(Itifaki ya Nne yote hapa)
</hati>

Kwanza nakili neno kwa neno vifungu
vinavyotaja ardhi au mali ya wakimbizi,
pamoja na namba zake.
Kisha jibu kwa hati hii tu:
mkimbizi aliyeacha shamba ana haki gani?
Kama hati haisemi, sema haisemi.
```

Safari hii ilikwenda moja kwa moja kwenye Ibara ya 8. Kifungu (b) kinasema wakimbizi wote lazima waweze kurudishiwa mali yao, hasa ardhi. Kifungu (c) kinasema ikishindikana, mwenye haki apewe fidia ya haki. Mzee alitikisa kichwa, akasema, "Hilo ndilo nililokuwa nauliza."

Usiruke ile hatua ya kunakili kwanza. Chukua maneno yaliyonakiliwa, yatafute ndani ya hati yenyewe. Usipoyaona, programu imeyatunga. Kama hati yako ni ya Kifaransa, mwambie anakili kwa Kifaransa, ndipo afafanue kwa Kiswahili.

Kuna faida nyingine ya swali kukaa chini. Hati ikiwa ndefu mno, simu inaweza kuikata mkia. Swali likiwa juu, hutajua kwamba umekatwa. Likiwa chini, linakatika nalo, na utaliona halipo. Basi kabla ya kutuma, shuka mpaka mwisho ulione swali lako.

Wapo watengenezaji wanaoshauri maagizo yawekwe juu na chini pia, maana programu hazifanani. Kwa hati ndefu sana weka mstari mmoja juu: "Utasoma itifaki, swali liko chini." Swali lenyewe, lote kamili, libaki chini.

Lakini mpangilio mzuri hauongezi kitu kisichomo ndani ya hati. Itifaki ya mwaka 2000 haiwezi kukwambia leo ugonge mlango wa ofisi gani. Tume ya Ardhi na Mali Nyingine ilianzishwa mwaka 2006, na muda wake ulimalizika mwaka 2022. Programu ikikutuma huko, ujue imeacha hati na kuchota kumbukumbu ya zamani. Hapo mtafuteni mtu wa msaada wa sheria, mkiwa na kifungu chenu mkononi.

Tukutane mwezi ujao.