Mhasibu, usiandike tu "niko makini na hesabu"

Wenzangu, kuna kaka mmoja hapa kambini, mhasibu, anaomba masta ya afya ya jamii. Kwenye barua ameandika "niko makini na hesabu." Mimi naona hiyo haimsaidii, maana kila mhasibu anaandika hivyo. Aeleze kazi yenyewe.

Mfano ni kulinganisha daftari na stoo. Tuseme zahanati imeanza mwezi na pakiti 400 za ORS, ikapokea 600, na rejista inaonyesha zimetolewa 850. Zinatakiwa zibaki 150. Ukihesabu kwenye rafu unakuta 130. Mhasibu atauliza, hizo 20 ziko wapi? Mtu wa afya ataongeza: zimeibwa, zimeharibika, au kuna watoto wamepewa bila kuandikwa? Kama hawakuandikwa, ripoti itaonyesha kuhara ni kidogo kuliko hali ilivyo, na mlipuko utatukuta tumelala.

Hapo ndipo uhasibu unapokutana na afya, na hapo ndipo barua ianzie. Kisha aseme wazi asichokijua: daftari linaonyesha pengo, lakini halisemi kwa nini watoto wanaharisha. Hicho ndicho anachokwenda kusomea.